Petānaṃ: waliotutangulia au mizimu yenye njaa?

"Ninaandika hadithi fupi ya mabinamu wawili wa Sri Lanka, Nimal na Ruwan. Mama yake Ruwan, ambaye ni shangazi yake Nimal, amefariki. Usiku wa kuamkia mazishi wanaandaa karatasi yenye tafsiri ya maneno ya Kipali yatakayoimbwa watawa wakimimina maji, ili wageni wayaelewe. Wanagombana juu ya neno moja, petānaṃ. Ruwan anataka 'marehemu', Nimal anataka 'mizimu yenye njaa'. Nani yuko sahihi? Na je, ugomvi wa neno moja unaweza kubeba hadithi nzima?" (Msomaji, Tanga)

Unaweza kabisa, kwa sababu umechagua neno ambalo maandiko yenyewe ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Wabuddha wa Sri Lanka, hulitumia kwa maana mbili, na mara nyingine ndani ya sutta moja, yaani andiko moja la mafundisho. Nimal na Ruwan wote wanao ushahidi. Ila kabla hawajaanza kugombana, rekebisha kwanza mwendo wa ibada, maana hoja zao zitategemea nani anafanya nini.

Katika msiba wa Wabuddha wa Sri Lanka, watawa hawamimini maji. Wao huimba, wanaomimina ni wafiwa. Watawa wakishafika na kuketi, waombolezaji hutamka makimbilio matatu, yaani Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa, na kanuni tano za maadili, kama ilivyo katika shughuli nyingine za dini. Kisha huja kitambaa cheupe kipya, ambacho wafiwa huwakabidhi watawa wakisema mara tatu: Imaṃ matakavatthaṃ bhikkhusaṅghassa dema, yaani "Kitambaa hiki cha maiti tunaipa jumuiya ya watawa." Watawa hukipokea kwa kuimba Aniccā vata saṅkhārā, ubeti unaosema kwamba vyote vilivyoundika havidumu. Ubeti huo ndio Sakka, mfalme wa miungu, anautamka katika Mahāparinibbāna Sutta pale Buddha anapofariki Kusinara. Sri Lanka utayaona maneno yake ya kwanza hata kwenye vitambaa vinavyotundikwa njiani kuelekea nyumba ya msiba.

Baada ya kitambaa ndipo maji. Jamaa wa karibu hukusanyika mbele ya watawa, wakashika birika au chupa na kumimina polepole kwenye kikombe kilichowekwa ndani ya sahani. Kikombe hujaa, kikafurika, na wao huendelea kumimina. Wakati huo watawa huimba:

Unname udakaṃ vuṭṭhaṃ yathā ninnaṃ pavattati,
evameva ito dinnaṃ petānaṃ upakappati.

Kwa maneno ya kawaida: "Kama maji ya mvua iliyonyesha mlimani yatiririkavyo kwenda bondeni, vivyo hivyo kilichotolewa hapa huwafaa petā." Petānaṃ ni neno hilohilo petā katika umbo la "kwa hao". Hufuatana na ubeti mwenzake, ambao unasema kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, ndivyo kilichotolewa hapa kinavyowafaa petā. Kwa hiyo waliohudhuria hulisikia neno hilo mara mbili, tena mwishoni, mahali ambapo sauti ya watawa huwa inashuka.

Beti zote mbili zimetoka katika Tirokuḍḍa Sutta, utenzi mfupi unaopatikana mara mbili katika maandiko ya Kipali: katika kitabu cha Khuddakapāṭha na katika Petavatthu, yaani kitabu cha visa vya petā. Nimal ataanzia hapo, na ana haki. Utenzi huo haufunguki kwa maji wala kwa mlima. Unafunguka kwa jamaa waliokufa ambao wamerudi nyumbani kwao na hawawezi kuingia. Wamesimama nje ya kuta, kwenye njia panda, na kwenye miimo ya milango. Ndani kuna chakula tele na kinywaji, lakini hakuna anayewakumbuka. Mbele kidogo utenzi unaeleza kwamba huko waliko hakuna kilimo, hakuna ufugaji wa ng'ombe, hakuna biashara wala fedha ya kununulia kitu. Wanaishi kwa kile tu kinachotolewa huku. Ukiwatoa hawa wenye njaa, beti za maji zinabaki kuwa maneno mazuri ya kufariji ambayo hayana kazi. Kwa nini kitu kitiririke kwenda kwa mtu asiyekihitaji?

Nimal anayo pia hoja ya lugha, na ningempa aitumie mapema, kwa sababu ni kali na mpinzani wake hataitarajia. Kipali kina neno jingine la kawaida la aliyekufa: mata. Limo ndani ya matakavatthaṃ, kitambaa cha maiti, lililotamkwa na wafiwa wenyewe dakika chache kabla ya maji. Matānaṃ ina silabi tatu sawa na petānaṃ, kwa hiyo hawezi kuambiwa kwamba mtunzi alibanwa na hesabu ya silabi. Kama utenzi ulitaka kusema "wafu" tu, neno lilikuwepo.

Ruwan naye hana haja ya kujitetea kwa machozi peke yake. Asili ya neno iko upande wake. Peta ni preta ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana ya mizizi yake ni "aliyekwenda mbele", yule aliyeondoka. Katika ibada za Kibrahmani, za makuhani wa kale wa India, preta alikuwa kila mtu aliyefariki karibuni, mwema kwa mbaya. Jamaa zake walimtolea vinyunya vya wali kwa siku kadhaa, hadi ilipofanywa ibada ya kumuunganisha na baba na babu zake. Tangu hapo hakuitwa tena preta. Neno lilitaja hatua aliyofikia, halikuwa hukumu juu ya maisha yake.

Maana hiyo ya zamani imebaki hai ndani ya Kipali. Katika Salla Sutta, iliyomo katika mkusanyiko wa Suttanipāta, Buddha anamfundisha aliyefiwa aache kulia, akimwona mtu aliye petaṃ kālaṅkataṃ, "aliyeondoka, aliyetimiza wakati wake", ajiambie: huyu siwezi kumpata tena. Hapo hakuna mzuka wala njaa. Ni maiti na mtu aliyempenda. Na maneno hayohayo, petā kālaṅkatā, yamo ndani ya Tirokuḍḍa Sutta yenyewe, katika ubeti ule unaosema wanaishi kwa kinachotolewa huku. Ruwan akilifungua hilo mbele ya Nimal, hoja ya mata inapoteza nusu ya nguvu zake.

Andiko linalowakutanisha ni mazungumzo ya Buddha na Mbrahmani aitwaye Jāṇussoṇi, katika mkusanyiko wa Aṅguttara Nikāya, kitabu cha kumi. Ningekushauri ulitumie, lakini si kwa kulinukuu lote. Jāṇussoṇi anauliza: sisi hutoa sadaka tukisema ziwafae petā, ndugu zetu wa damu, je, kweli zinawafikia? Yeye analitumia neno kwa maana pana, wafu wetu. Buddha anamjibu kwamba zinafika mahali panapowezekana, si pasipowezekana. Aliyezaliwa motoni anakula cha motoni, aliyezaliwa mnyama anakula cha wanyama, aliyezaliwa binadamu au mungu ana riziki ya huko. Ni aliyezaliwa katika ulimwengu wa petā tu ndiye anayepokea. Yaani swali limeulizwa kwa maana ya Ruwan na jibu limetolewa kwa maana ya Nimal, bila mzungumzaji yeyote kuona ajabu.

Jāṇussoṇi anaendelea kuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyefiwa angeuliza: na kama ndugu yule hayuko huko? Buddha anasema watakula ndugu wengine walioko huko. Na kama hakuna hata mmoja? Hilo haliwezekani, anasema, kwa muda mrefu namna hii pawe patupu pasiwe na jamaa zako. Tena mtoaji mwenyewe hakosi matunda ya utoaji wake.

Jibu hilo la pili ndilo linaloniongoza katika kukujibu nani yuko sahihi. Petānaṃ ni wingi. Ubeti hausemi kwamba kilichotolewa kinamfikia huyu mama aliyelala ndani ya jeneza. Unasema kinawafikia wao, kundi zima la walioondoka. Maneno ambayo wafiwa hutamka kuukabidhi uzuri wa tendo lao nayo yako katika wingi: Idaṃ me ñātīnaṃ hotu, sukhitā hontu ñātayo, "Hili liwe la jamaa zangu, jamaa zangu wawe na raha." Ruwan anaogopa kwamba karatasi itamwita mama yake mzuka mwenye njaa mbele ya kijiji kizima. Sarufi haimwiti hivyo. Na Nimal, kwa kusisitiza njaa, anasema jambo ambalo hakuna aliyehudhuria anayeweza kulijua, yaani mama huyu amezaliwa wapi. Kwa mafundisho ya Theravada, madhehebu ya Wabuddha wa Sri Lanka, kuzaliwa upya hakuna kituo katikati, kwa hiyo wakati watawa wanaimba yeye tayari yuko mahali fulani, ila karatasi haina mamlaka ya kutaja ni wapi.

Kwa hiyo uamuzi wangu: katika mstari unaotafsiriwa, Ruwan ashinde kwa maana pana. Lakini Nimal asishindwe, maana akishindwa kabisa hadithi itakuwa imeificha njaa iliyozaa utenzi wote. Njaa irudi kwa njia nyingine, na hilo nitalionyesha katika onyesho.

Kwanza, maneno yako ya Kiswahili. Kwao mabinamu hawa wanaandika Kisinhala, na huko chaguo ni kati ya preta na maneno yanayomaanisha "jamaa waliokufa". Neno hilo la kwanza, kwa umbo la kila siku perētayā, ni tusi la mlafi, mtu anayetupia macho sahani ya mwenzake. Msomaji wako hawezi kulisikia tusi hilo katika "mizimu", basi mwache Ruwan alitaje wazi, mara moja.

"Marehemu" lina rehema ndani yake, rehema ya Mwenyezi Mungu. Tumelizoea mpaka hatuisikii, lakini ndani ya utenzi wa Kibuddha inaingiza mwenye kurehemu ambaye hayumo. "Mizimu" ina tatizo kubwa zaidi. Kwetu mzimu ana nguvu. Unamtambikia ili akulinde au asikudhuru, na akikasirika utajua. Peta wa utenzi huu ni kinyume chake. Hawezi kukunyang'anya wala kukubariki kwa nguvu zake mwenyewe, amesimama mlangoni anangoja akumbukwe. Ukiandika "mizimu" msomaji atadhani familia inaogopa, kumbe inahurumia. "Pepo" ni la kuepuka kabisa, kwani litamchanganya kati ya wanaopanda watu vichwani na mahali pema. "Wafu" ni sahihi, ingawa kavu. Mimi ningechukua "waliotutangulia". Limekaa karibu mno na asili ya preta, aliyekwenda mbele, halihukumu, na ni wingi.

Lina faida nyingine ambayo mtunzi wa Kiswahili hatakubali kuiacha. Kila nusu ya mstari wa ubeti ule wa Kipali ina silabi 8: evameva ito dinnaṃ ni 8, petānaṃ upakappati ni 8. Hizo ni mizani za kipande cha shairi letu. Na "waliotutangulia" peke yake ni mizani 8 kamili. Waweza basi kumpa mmoja wao tafsiri hii:

Maji toka mlimani, hushukia mabondeni,
Ya hapa yawafikia, waliotutangulia.

Nimepoteza "kilichotolewa", na "vivyo hivyo" imebaki ndani ya mpangilio tu. Kwa karatasi ya kusomwa na wageni ningetumia nathari niliyotoa juu, nikiweka "waliotutangulia" mahali pa petā. Kwa hadithi, shairi hili linafaa kuwa jaribio la mmoja wao ambalo mwenzake analipinga.

Sasa onyesho. Mambo mawili ya mazingira yatakusaidia. Sri Lanka watoto wa ndugu wawili wa kiume huitana kaka na mdogo wangu, kama ndugu wa tumbo moja. Lakini hawa wako ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na kwa Kisinhala kila mmoja ni massina wa mwenzake. Hao wana uhuru wa kutaniana na kusemana, kama mabinamu wa kwetu wenye utani. Ndiyo maana Nimal anaweza kusema usiku wa msiba maneno ambayo ndugu wa tumbo moja asingethubutu. Pili, nyumba ya msiba haipiki. Majirani huleta chakula. Na kuna chama cha kijiji cha kufa na kuzikana, kinacholeta viti, turubai na vikombe. Hilo msomaji wako wa Tanga atalijua bila kuelezwa.

Nimal umpe utoto katika shule ya watawa, ili Kipali chake kiwe na mahali kilikotoka. Na umpe sababu ya kung'ang'ania njaa. Ningependekeza hii: baba yake, kaka wa marehemu, alikuwa kibarua Ghuba, akafia huko, na maji hayakumiminwa wakati wake. Mwandiko wangu ni mfano tu, ubadilishe upendavyo.

Wanaume walikuwa wanacheza karata chini ya turubai ili usingizi usiwashinde. Ruwan alisogeza kikombe cha chai, akaipindua karatasi isomeke vizuri kwenye mwanga.

"Hapa umeandika preta."

"Ndilo neno lililopo."

"Wewe binamu, kesho mama mkubwa atasoma hii. Mwalimu mkuu atasoma. Watoto wa shuleni kwake watasoma. Sisi preta tunamwita nani? Yule anayenyoosha mkono kwenye sinia kabla ya wageni. Mama yangu hakuwahi kula kabla mtu hajashiba."

"Najua. Nilikuwa ndiye ninayeshibishwa."

"Basi futa."

Nimal hakufuta. "Kesho mkitoa kitambaa utasema matakavatthaṃ. Mata, aliyekufa. Neno hilo wanalo, Ruwan. Kwenye maji wamechagua jingine. Unadhani hawakujua wanachosema?"

Ruwan alivuta kitabu cha sala cha mama yake, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Alikuwa amekitafuta jioni nzima akijifanya anatafuta orodha ya wageni. "Soma hapa. Petā kālaṅkatā. Waliotimiza wakati wao. Ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Utenzi huohuo wako."

"Soma na mstari ulio juu yake."

"Nimeusoma."

"Usome kwa sauti."

"Ito dinnena yāpenti." Ruwan alinyamaza kidogo. "Wanaishi kwa kinachotolewa hapa."

"Wanaishi kwa nini?"

"Nimekwisha kusema."

"Basi wana njaa. Mtu anayeishi kwa unachompa, siku usipompa anafanya nini?"

"Mama yangu tutampa! Siku ya saba tutalisha watawa, miezi mitatu tutalisha, mwaka tutalisha. Hatakuwa na njaa hata siku moja, kwa hiyo usimwandikie njaa!"

Wachezaji wa karata walinyamaza. Mmoja akauliza kama chai inahitajika. Nimal akasema hapana, asante mjomba, akangoja hadi karata zianze kugongwa tena mezani.

"Sikumwandika yeye," alisema.

"Umemwandika nani?"

Nimal aliweka kidole chini ya neno, mwishoni kabisa, kwenye herufi ambazo shuleni walikuwa wanachapwa kwa kuzikosea. "Naṃ. Ni wengi. Ingekuwa shangazi peke yake ingekuwa petassa. Mimi baba yangu waliniletea ndani ya sanduku lililofungwa kwa bati, mchana ule ule akazikwa. Hakuna aliyeshika birika. Shangazi alitaka, akaambiwa hakuna muda. Kesho mara ya kwanza mtu wa nyumba hii atamimina maji tangu siku ile. Ukiandika 'mama yetu mpendwa', yeye ataingia wapi?"

"Sikuandika mama yetu mpendwa."

"Ulitaka."

Ruwan alichukua kalamu. Alilikata preta kwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: jamaa zetu waliotutangulia. Nimal alitazama bila kumzuia. Kisha akaivuta karatasi upande wake, na juu kabisa, juu ya maji na juu ya mlima, akaanza kuandika ubeti wa kwanza wa utenzi, ule wa kuta na njia panda na miimo ya milango.

"Huo kesho hawauimbi," Ruwan alisema.

"Hawauimbi. Watausoma."

Ningeliachia hapo onyesho la usiku. Umeona njaa imerudi ikiwa juu ya karatasi, ndani ya andiko lenyewe, na haimwangukii mama kwa jina. Wala hakuna aliyekubali kwamba mwenzake alikuwa sahihi. Ukitaka waelewane zaidi ya hapo, waelewane juu ya nani atashika birika asubuhi, kwa sababu hilo ni jambo la jamaa na lina uzito kuliko karatasi. Mtoto wa marehemu ndiye anayetarajiwa, lakini jamaa wengine huweza kushika pamoja naye, na Nimal ana haki ya kuwa miongoni mwao.

Kuna kishawishi cha kumleta mtawa mzee atoe hukumu. Usimlete kwa kazi hiyo. Yeye anaweza kuwasimulia kisa cha mfalme Bimbisara wa Magadha, kama kinavyoelezwa katika ufafanuzi wa kale wa utenzi huu. Bimbisara alimlisha Buddha na watawa, lakini hakutamka kwamba sadaka ile ni ya jamaa zake waliokufa. Usiku ule jamaa zake wa zamani sana, waliokuwa wamengoja kwa muda usiohesabika, walipiga kelele za kutisha ndani ya jumba la kifalme. Kesho yake akatoa tena, safari hii akiwataja, na alipomimina maji yakawatokea mabwawa yenye maua ya yungiyungi, wakanywa na kuoga. Katika kisa hicho mfalme hakukosa ukarimu, alikosa kuwataja. Mtawa akisimulia hayo bila kumtazama yeyote, Nimal na Ruwan kila mmoja atasikia lake, na wewe hutalazimika kufafanua.

Tahadhari mbili ndogo. Usiwaandikie watu kilio kikubwa wakati maji yanamiminwa kana kwamba ibada inakitaka. Wapo wanaolia, bila shaka, lakini utenzi huohuo unasema kilio na huzuni haviwafai petā. Hivyo mtu akilia, iwe ni licha ya maneno yanayoimbwa. Na kama hadithi yako itasomwa kwa sauti, herufi ya mwisho ya petānaṃ haitamkwi kwa kufunga midomo kama "m". Sauti inaishia puani, karibu na ng' ya "ng'ombe", na ā ya katikati inavutwa.